Doki ya kadi ya grafiki kwenye laptopu: Windows inaiona kadi, gemu haiioni

Kwa anayefikiria kununua doki ya kadi ya grafiki ili apate kucheza gemu nzito kwenye laptopu, jibu langu ni kwamba inafaa. Mimi sirudi nyuma. Ila usitegemee kwamba ukishachomeka kebo, gemu itahamia yenyewe kwenye kadi mpya. Kwangu Windows iliitambua kadi siku ileile, draiva ikaingia bila ubishi, lakini gemu ikaendelea kutumia chipu ya Intel iliyomo ndani ya laptopu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hilo ndilo nataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu watu wengi hufika hapo wakaamua doki ni mbovu wakairudisha dukani.

Laptopu yangu ina Core i5-1135G7 na chipu ya grafiki ya Intel iitwayo Iris Xe, RAM ya GB 16, na tundu moja la Thunderbolt 4. Doki ni kasha lenye pawa saplai yake ndani, linaunganishwa kwa kebo ya Thunderbolt. Ndani yake nimeweka GTX 1660 Super iliyokwisha kutumika, yenye GB 6 za kumbukumbu. Hapa Dar kadi ya aina hiyo haikunisumbua kuipata. Kasha lenyewe ndilo lilikuwa ghali kuliko kadi.

Dalili ya kwanza niliisikia kabla sijaiona. Gemu imefunguka, feni ya laptopu inanguruma, kibodi imepata moto upande wa juu, lakini kasha la kadi pembeni limetulia na ukiliwekea mkono ni la baridi. Kwenye skrini gemu inakwenda kwa fremu 20 na kitu kwa sekunde, na menyu yake ya picha inalalamika kwamba kumbukumbu ya grafiki ni ndogo. Kadi yenye GB 6 haiwezi kulalamika hivyo. Iris Xe ndiyo inayojitangaza kuwa na MB 128 tu za kwake, nyingine zote inaazima kwenye RAM.

Fundi wa duka nililonunulia kadi aliniambia, "Kaka, hiyo piga Windows upya." Sikukubali, kwa sababu kabla ya kupiga chochote upya kuna swali moja la kujibu: kadi haionekani kabisa, au inaonekana ila haitumiki? Ni matatizo mawili tofauti. Kama draiva ya NVIDIA imeingia, fungua dirisha la amri uandike:

```
nvidia-smi -L
```

Mimi nililetewa mstari unaoanza na `GPU 0: NVIDIA GeForce GTX 1660 SUPER`. Hapo nikajua kebo ni nzima, doki ni nzima, kadi ni nzima na draiva iko sawa. Kama mstari huo hauji, tatizo lako liko chini zaidi, na jambo la kwanza la kutazama ni kebo. Kebo nyingi za USB-C zinafanana na ya Thunderbolt kwa umbo, na zinaweza hata kuchaji laptopu, lakini hazipitishi kadi. Ya kweli mara nyingi ina alama ya radi pamoja na namba 3 au 4 kwenye kichwa chake.

Sasa, kwa nini gemu ichague chipu dhaifu wakati kadi yenye nguvu ipo? Gemu za DirectX zinapofunguka huomba Windows orodha ya kadi zilizopo. Ya kwanza kwenye orodha hiyo ni ile inayoendesha skrini kuu. Skrini ya laptopu imeungwa kwenye Intel, kwa hiyo Intel ndiyo ya kwanza. Gemu iliyoandikwa vizuri hupima zote ikachukua yenye nguvu, lakini nyingi huchukua ya kwanza na kuendelea.

Windows 11 ina mahali pa kurekebisha hilo. Nenda Settings, kisha System, Display, halafu Graphics. Unaongeza faili la gemu lenye mwisho wa `.exe`, unafungua chaguo zake, unachagua High performance. Chini ya neno hilo panaandikwa jina la kadi. Kwangu paliandikwa GTX 1660 SUPER, jambo linaloonyesha kwamba Windows yenyewe inajua kadi ya nje ndiyo yenye nguvu. Nikahifadhi, nikafungua gemu. Intel tena.

Hapa ndipo penye siri, na maelekezo mengi niliyosoma yanaparuka. Chaguo hilo la Windows limefungwa kwenye faili moja lenye anwani moja kamili. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa Unreal Engine zina mafaili mawili ya `.exe`. Lile lililo mbele kwenye folda ya gemu, lenye jina zuri na picha, ni dogo sana, na kazi yake ni kuliamsha jingine kisha kukaa kando. Linalochora picha limefichwa ndani, kwenye folda ya `Binaries\Win64`, na jina lake huishia na `-Win64-Shipping.exe`. Ukiliwekea lile la mbele High performance, umempa bawabu ufunguo wa gari wakati dereva yuko ndani.

Usikisie faili lipi ni lipi. Fungua gemu, iache iingie mpaka kwenye uwanja wa kuchezea, kisha Alt+Tab utoke. Fungua Task Manager, nenda Details, tafuta gemu, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Open file location. Folda itakayofunguka ndiyo yenye faili la kweli. Hilo ndilo la kuongeza kule Graphics. Ukitaka kuhakikisha limeandikwa, kuna amri hii:

```
reg query HKCU\Software\Microsoft\DirectX\UserGpuPreferences
```

Utaona anwani ya kila faili ulilolichagua na mbele yake `GpuPreference=2;`. Namba 2 ni High performance, 1 ni ya kubana umeme, na 0 ni kuiachia Windows iamue. Kwa kuwa inafuata anwani, ukihamisha gemu kwenda diski nyingine, chaguo halihami nayo. Mimi gemu niliyoihamishia SSD ya pili ilirudi kwenye Intel siku hiyohiyo, na nisingejua kama nisingekuwa na mazoea ya kuangalia.

Na kuangalia kwenyewe kuna mtego. Ukitazama tu grafu ya kadi kwenye Task Manager, inaweza kupanda hata kama gemu haichorwi na kadi hiyo, kwa sababu kama umechomeka monita kwenye kadi, bado kadi ina kazi ya kupokea picha na kuipeleka kwenye monita. Kinachosema ukweli ni safu ya GPU engine kwenye Processes. Kama haionekani, bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu uiwashe. Mbele ya gemu itaandikwa mathalani `GPU 1 - 3D`. Kisha nenda Performance uone GPU 1 ni nani. Usishangae namba zikitofautiana na za `nvidia-smi`, kwani amri ile huhesabu kadi za NVIDIA peke yake.

Baada ya kuliongeza faili sahihi, gemu ileile ilipanda hadi fremu 50 na zaidi kwenye skrini ya laptopu, picha zikiwa kwenye kiwango cha juu. Kama menyu ya gemu bado inakuwekea picha za chini, ni kwa sababu ilihifadhi vipimo vya Intel, kwa hiyo iambie ipime upya.

Halafu nikaunganisha monita moja kwa moja kwenye tundu la HDMI la kadi, nikaiweka kuwa skrini kuu, na fremu zikafika 70 hivi. Tofauti hiyo ina sababu. Thunderbolt inatajwa kuwa ya Gb 40 kwa sekunde, lakini njia ya kadi ndani yake ni nyembamba kuliko hapo, ni mistari minne tu ya PCIe wakati kwenye kompyuta ya mezani kadi kama hii hukaa kwenye 16. Ukitumia skrini ya laptopu, picha iliyokwisha kuchorwa inarudi kwa njia hiyohiyo ambayo data za gemu zinapita kwenda kwenye kadi. Monita ikiwa kwenye kadi, hakuna kinachorudi. Faida ya pili ni kwamba kadi inakuwa ya kwanza kwenye ile orodha, hivyo hata gemu za zamani zisizojali chaguo la Windows huipata. Ninayo moja ya OpenGL ambayo High performance haikuigusa kabisa, na monita ndiyo iliyoitibu. Gemu za Vulkan nazo hujichagulia, na nyingi zina sehemu ya kuchagua kadi kwenye menyu zao.

Kwa hiyo kama bajeti ni ya kubana, mimi ningechukua kadi ya chini kidogo nikabakiza pesa ya monita, kuliko kadi kubwa inayoonyeshwa kwenye skrini ya laptopu.

Kero iliyobaki ni umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini kadi inatoweka papo hapo na gemu inaanguka. Hilo linaeleweka. Linalokera ni kinachofuata. Umeme ukirudi, unafungua gemu, inafunguka bila kulalamika, kumbe iko kwenye Intel, maana kadi yenye High performance isipoonekana Windows inatumia iliyopo na haikwambii. Wakati mwingine kadi inarudi ikiwa na alama ya njano kwenye Device Manager na maneno Code 43. Ninachofanya ni kuchomoa kebo, kuwasha doki, kusubiri feni ya kadi izunguke na kutulia, kisha kuchomeka. Code 43 ikibaki, nachagua Restart. Shut down ya kawaida haisaidii ikiwa Fast Startup imewashwa, kwa kuwa Windows huhifadhi hali ya draiva na kuirudisha vilevile ilivyokuwa.

Sasa doki na monita viko kwenye UPS ndogo. Haitoshi kuendelea kucheza, na sikuinunua kwa hilo. Inanipa nafasi ya kuhifadhi nilipofikia, kufunga gemu na kuzima doki kwa utaratibu.