Kuzima API ya zamani kwa tiketi moja kwa kila timu: uzoefu wangu

Utaratibu huu tumeutumia kustaafisha toleo la kwanza la API yetu ya taarifa za wateja, na naupa nyota nne kati ya tano. Kwenye mfumo wa kazi unafungua tiketi mama yenye tarehe ya kuzima pale juu kabisa, kisha chini yake tiketi ndogo moja kwa kila timu inayoita API hiyo. Tiketi ya jumla iliyobandikwa majina ya timu zote haina mwenyewe: kila mtu anaiona, na kila mtu anadhani wenzake wanaishughulikia.

Majina ya timu hatukuyapata kwa kuulizana. Tulichambua logi za lango kwa kufuata ufunguo wa kila mteja, na tukachukua kipindi kilichopita mwisho wa robo mwaka ili programu zinazoamka kwa nadra nazo zionekane. Pale timu mbili zilipokuwa zinashiriki ufunguo mmoja, kila moja ilipewa wake kwanza. Bila hivyo hujui nani amehama na nani bado.

Kilichonifurahisha zaidi ni sharti la kufunga tiketi. Timu haijifungii yenyewe. Tiketi inafungwa ufunguo wao ukikaa siku 35 bila kuonekana kwenye logi za `/v1`. Kwa nini 35? Kwa sababu kazi inayojiendesha mara moja kwa mwezi lazima ijitokeze ndani ya siku hizo. Timu ya ripoti waliandika kwenye tiketi yao, "Tumeshahama, fungeni." Grafu ilikuwa sifuri kweli, wiki baada ya wiki. Tarehe mosi, saa nane usiku, ufunguo wao ukapiga `/v1` mfululizo kwa dakika chache, kisha kimya tena. Kumbe kodi mpya ya programu ilikuwa imehama vizuri, ila ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa bado inaendeshwa na seva ya zamani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tulibandika mistari ya logi kwenye tiketi ileile, pamoja na anwani ya IP ya seva, na kesho yake wakaipata. Hakukuwa na mabishano, maana hakuna aliyemshutumu mtu.

Tarehe nayo isiishie kwenye tiketi. Kuna waandishi wa programu wasiofungua kabisa ubao wa kazi, kwa hiyo tuliiweka pia kwenye hedi za kila jibu la API:

```
Deprecation: @1746057600
Sunset: Tue, 14 Oct 2025 09:00:00 GMT
Link: </docs/v1-v2>; rel="sunset"
```

`Sunset` imeelezwa kwenye RFC 8594 ya 2019, na `Deprecation` kwenye RFC 9745 ya 2025. Ya kwanza inataja saa ambayo huduma inatarajiwa kuzimwa, ya pili inataja tangu lini toleo limeachwa. Angalieni maandishi yake hayafanani: moja ni tarehe ya kawaida, nyingine ni sekunde zinazohesabiwa tangu 1970. Na siku ya Jumanne tuliichagua kwa makusudi. Kuzima kitu Ijumaa jioni ni kujitafutia kazi ya wikendi.

Ila hedi peke yake haimwamshi aliyelala. Kilichowaamsha ni kuzima kwa majaribio: dakika 15 katikati ya asubuhi, tarehe imetangazwa kwenye tiketi mama, na kila ombi linajibiwa `410 Gone`. Hapo akajitokeza mtumiaji ambaye hatukuwa na tiketi yake hata kidogo, mfumo wa ndani uliokuwa unapita kwa ufunguo wa timu nyingine. Tulimfungulia yake siku hiyohiyo.

App ya simu ndiyo iliyotutoa jasho. Kodi ya app unaweza kuibadilisha leo, lakini matoleo yaliyo kwenye simu za watu hayabadiliki kwa amri yako. Sharti la siku 35 za sifuri lisingetimia kamwe. Kwa tiketi hiyo tuliandika sharti lingine: toleo la chini linalokubaliwa lipandishwe, app ya zamani imtake mtumiaji asasishe, na wachache watakaobaki wakubaliwe kwa maandishi na mkuu wa bidhaa.

Nyota moja naikata kwa mfumo wenyewe wa kazi. Tarehe ya tiketi mama ikisogezwa, za tiketi ndogo hazifuati, na ilibidi tuandike skripti ndogo ya kuzilinganisha kila usiku. Vilevile vikumbusho vinakwenda kwa mtu aliyepewa tiketi hata kama ameshahama timu. Wekeni jina la mtu, ndiyo, lakini ongezeni na kundi la barua pepe la timu yake kama mfuatiliaji.

Tiketi ya mwisho iwe yenu nyinyi wenye API: kufuta kodi ya `/v1` baada ya `410` kukaa hewani mwezi mmoja. Sisi yetu bado iko wazi.