Uzoefu wangu na adapta za MoCA: intaneti kupitia waya wa televisheni uliokwisha lala ukutani

Nimetumia jozi ya adapta za MoCA 2.5, aina ya goCoax MA2500D, katika nyumba ya kupanga ya ghorofa moja huko Ohio, Marekani. Intaneti inaingia kwa kebo ya televisheni, modemu na ruta vipo sebuleni chini, na chumba cha kazi kiko juu upande wa pili wa nyumba. Waifai ilikuwa ikifika huko kwa megabiti 90 hadi 140 kwa sekunde, ilhali kifurushi kinacholipiwa ni cha gigabiti 1. Mwenye nyumba haruhusu kutoboa kuta. Lakini sebuleni na juu kote kuna tundu la kebo ya televisheni, na hapo ndipo adapta hizi zina maana.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Adapta moja inaunganishwa na ruta kwa waya wa etheneti, kisha na tundu la kebo ukutani. Ya pili inawekwa chumba kingine, kwenye tundu lake, nayo inatoa etheneti upande wa pili. Kwa kompyuta iliyopo juu, ni kama vile waya wa mtandao umevutwa kutoka kwenye ruta. Mawimbi ya MoCA yanapita kati ya megahezi 1125 na 1675, juu ya masafa ambayo televisheni ya kebo hutumia, kwa hiyo vyote viwili hukaa ndani ya waya mmoja bila kugombana, isipokuwa kwa jambo moja la modemu nitakalolieleza mbele.

Kabla ya kugusa kuta, ziunganishe adapta mbili mezani kwa kipande kifupi cha kebo. Taa ya kebo ikiwaka kwenye zote mbili, fungua ukurasa wa adapta. Kwa aina hii, kompyuta iwekewe kwa mkono anwani 192.168.254.1 na maski 255.255.255.0, kisha ufungue `http://192.168.254.254` kwenye kivinjari na utafute sehemu ya `PHY Rates`. Mezani nilisoma kama megabiti 3500 kwa sekunde kwenda na kurudi. Andika namba hiyo mahali. Ndiyo kipimo cha adapta zikiwa na njia safi, na chochote kitakachopungua baadaye kimeliwa na nyaya za nyumba, si kifaa.

Nilipozihamishia kwenye matundu ya kuta, namba ilishuka hadi karibu 1200, na siku nyingine ilikuwa chini ya hapo. Mtandao ulikuwepo, lakini kasi ilipanda na kushuka bila mpangilio. Watu wengi wakifika hapa huamua kwamba adapta ni mbovu na kuzirudisha dukani. Mimi nasema shuka chini kwanza, ukatazame splita.

Splita ni kile kisanduku kidogo cha chuma kinachogawa kebo moja inayotoka barabarani iende vyumba kadhaa. Hapa ilikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na mita ya umeme, ina matundu manne ya kutokea, na juu yake imeandikwa 5–1000 MHz. Maandishi hayo ndiyo jibu lenyewe. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, na juu ya megahezi 1000 mtengenezaji haahidi chochote. Mawimbi ya MoCA yanaweza kupenya humo, lakini kiasi gani kitapotea hakuna ajuaye, na hubadilika kutoka masafa hadi masafa. Ndiyo maana splita ya namna hii haikati mtandao kabisa. Inaulegeza tu, na mtu huhangaika wiki nzima akilaumu kila kitu kingine.

Ukitaka uhakika kabla ya kununua, fungua nyaya mbili zinazokwenda vyumba husika na uziunge moja kwa moja kwa kiungio cha F, yaani kile kipande chenye nyuzi za skrubu pande zote mbili. Modemu itakosa intaneti kwa dakika hizo, lakini adapta hazihitaji intaneti ili kuonana. Hapa namba ilirudi juu ya 3400 papo hapo. Kama isingerudi, tatizo lingekuwa kwenye nyaya zenyewe au konekta zake. Kebo nzuri ya RG-6 yenye urefu wa mita 20 hula kama desibeli 5 tu kwenye masafa haya, kiasi ambacho MoCA haikisikii.

Kipimo hicho kina faida nyingine: kinakuonyesha waya upi unakwenda chumba gani. Nyaya hazina majina, na kwenye nyumba za zamani utakuta nyingine haijaunganishwa na splita hata kidogo, imeachwa ikining'inia. Tundu lipo ukutani, lakini nyuma yake njia imekatika. Ukiona taa ya kebo haiwaki kabisa, anza na dhana hiyo.

Nilibadilisha splita ya matundu manne kwa ya matundu mawili iliyoandikwa 5–1675 MHz. Mawili yalitosha kwa sababu vyumba vinavyotumika ni viwili, na kila tundu la ziada ni nguvu inayopotea bure. Kama unahitaji matundu mengi, yale yasiyotumika yafungwe kwa vizibo vya omu 75, maana tundu lililo wazi huyarudisha mawimbi nyuma yakaharibu yanayokuja. Konekta zote zikazwe kwa spana ya milimita 11. Kukaza kwa vidole huonekana kutosha kumbe hakutoshi. Usitumie nguvu nyingi lakini, robo ya mzunguko baada ya vidole kushindwa inatosha.

Kitu cha pili ambacho watu hukiruka ni kichujio. Kinaitwa PoE kwenye maboksi, na hakihusiani na ule umeme unaopitishwa kwenye waya wa mtandao, ingawa herufi ni zilezile. Ni kipande kidogo cha silinda kinachofungwa pale kebo inapoingia nyumbani, kabla ya splita. Kinazuia mawimbi ya MoCA yasitoke kwenda kwa majirani, na pia yao yasiingie kwako. Bila hicho, jirani mwenye adapta zake anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako, hasa kwenye nyumba zilizoungana.

Lakini kichujio kina kazi nyingine inayoongeza kasi. Splita imeundwa ili chumba na chumba visisikilizane. Nguvu hushuka kutoka mlango wa kuingilia kwenda vyumbani, si kutoka tundu moja la kutokea kwenda jingine. Adapta mbili zilizoko kwenye matundu mawili ya kutokea zinapaswa kuruka ukuta huo. Kichujio kikiwepo, mawimbi yanayopanda kuelekea barabarani hugonga hapo na kurudi chini upande wa pili, hivyo yanapata njia ya kupita. Kwa hiyo kifunge karibu na splita, kwenye mlango wake wa kuingilia.

Sasa lile la modemu. Modemu za kizazi cha DOCSIS 3.1 zinaweza kusikiliza hadi megahezi 1218, na hapo zinaingia eneo la MoCA. Dalili si kukatika kwa adapta, bali modemu yenyewe kuanza kusuasua baada ya adapta kuwekwa. Fungua `http://192.168.100.1`, ukurasa wa modemu nyingi za kebo, uangalie safu ya `Uncorrectable`, yaani makosa ambayo modemu imeshindwa kuyarekebisha. Namba zikipanda kila ukirudia kufungua ukurasa, weka kichujio cha pili nyuma ya modemu, mahali kebo inapoingia. Sebuleni hapa kuna splita ndogo ya matundu mawili: moja linakwenda kwenye adapta, jingine kwenye modemu kupitia kichujio hicho. Tangu hapo namba zimetulia.

Kupima kasi usitumie tovuti za kupima intaneti peke yake, maana zinachanganya kifurushi chako na njia ya ndani. Weka kompyuta moja kwenye ruta, nyingine juu, zote zikiwa na programu ya iperf3. Kwenye ya kwanza andika:

```
iperf3 -s
```

Na ya juu, ukiweka anwani ya ile ya kwanza:

```
iperf3 -c 192.168.1.20 -t 30
iperf3 -c 192.168.1.20 -t 30 -R
```

Hapa nilipata megabiti 940 pande zote mbili, ambayo ndiyo kikomo cha mlango wa gigabiti 1 wa kompyuta na ruta yangu. `PHY Rates` ilisimama karibu na 3300. Adapta zina mlango wa gigabiti 2.5, kwa hiyo mwenye ruta na kompyuta za kiwango hicho atapata zaidi. Kumbuka tu kwamba kasi ya MoCA ni ya pamoja: adapta zote nyumbani, kwenda na kurudi, zinagawana njia moja. Kwa adapta mbili au tatu hutahisi. Kuchelewa kwa mawimbi kuliongezeka kwa milisekunde 3 hadi 4, kiasi kisichosumbua mkutano wa video wala mchezo wa mtandaoni.

Gharama kwa jumla: adapta mbili kama dola 120, splita mbili na vichujio viwili kama dola 40. Kabla ya kununua adapta mbili, angalia ruta uliyopewa na kampuni ya kebo. Baadhi zina MoCA ndani tayari, ikiwa imezimwa kwenye mipangilio. Ukiiwasha, adapta moja inatosha, ingawa nyingi zina toleo la zamani la 2.0, na kasi itafuata toleo hilo.

Nani asinunue? Mwenye waya wa etheneti ukutani tayari, hata ule wa zamani wa Cat5e, kwani huo utamhudumia vizuri kwa bei ndogo. Anayekaa kwenye jengo ambalo kebo za vyumba vyote vya nyumba yake zinakutania kwenye kabati la mwenye jengo lililofungwa, kwa sababu hataweza kugusa splita wala kuweka kichujio. Na mwenye kiongeza nguvu cha kebo kati ya vyumba viwili, asipokibadilisha kwa kile chenye njia ya MoCA, mawimbi yataishia hapo.

Ndugu wa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko wanaoniuliza kama waya wa dishi unaweza kutumika hivi: huo hapana. Dishi huteremsha mawimbi kati ya megahezi 950 na 2150, masafa yanayoifunika MoCA yote, na king'amuzi hupandisha umeme wa volti 13 au 18 kwenye waya huohuo. Vitagongana. Waya wa antena ya kawaida ya televisheni ni sawa, masafa yake yako chini. Na kama dishi halitumiki tena, fungua waya kwenye dishi na kwenye king'amuzi, hakikisha hakuna swichi ya dishi iliyobaki katikati, na waya huo utafaa kuunganisha chumba kimoja na kingine.