Mashine safi, msomaji wa grafu ovyo: mrututu wangu ulivyopunguziwa maji

Sijui niisifu au niikashifu maabara hii ya hapa Lubumbashi, ambako nilipeleka mrututu, yaani salfeti ya shaba yenye maji, ili upashwe joto juu ya mizani na upungufu wa uzito wake uchorwe kwenye grafu. Ripoti ilidai kwamba kila molekuli ya salfeti ina molekuli 3.6 za maji, na kwamba sampuli “imekauka”. Fuwele zangu zilikuwa za buluu iliyokolea, bila ukungu mweupe hata pembezoni. Nilipomuuliza fundi, alijibu bila kuinua macho: “Mwalimu, mashine haidanganyi.”

Kweli haikudanganya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Kwenye grafu waliyonichapishia, miligramu 10.00 zilishuka hadi 7.11, kisha kuanzia nyuzi 130 hivi mstari ukalala. Fundi akaamini maji yamekwisha, akahesabu 2.89 zilizopotea kuwa maji yote na 7.11 zilizobaki kuwa salfeti kavu. Ukigawanya 2.89 kwa 18.02, uzito wa molekuli ya maji, na 7.11 kwa 159.6, uzito wa molekuli ya salfeti kavu, kisha jibu la kwanza kwa la pili, unapata hiyo 3.6. Lakini tambarare ile ni ya CuSO4·H2O, chumvi inayoshikilia molekuli yake ya mwisho ya maji mpaka joto lipite nyuzi 200 hivi. Na mteremko wa mwisho ulikuwa kwenye karatasi ileile! Kabla ya nyuzi 280 uzito ulikuwa 6.39. Maji yote basi ni 3.61, na hesabu ileile inatoa 5.0, idadi ya mrututu usiokauka.

Nakubali kwamba mrututu uliokauka nusu unaweza kutoa namba isiyo kamili. Hata hivyo, maji yanayotangulia kutoka ni yale ya hatua za mwanzo, kwa hiyo mteremko wa mwisho ungezidi robo ya ule uliotangulia. Wangu ulikuwa 0.72 kwa 2.89, robo barabara, na mtu mwenye rula angeliona hilo.

Nilikuwa nimeomba pia joto lipande nyuzi 2 kwa dakika na sampuli iwe ndogo, kwa sababu molekuli nne za kwanza hutoka mbilimbili, na mwendo wa haraka huzigandamanisha hatua hizo. Wao wakaendesha kwa nyuzi 10, nikabaki na mteremko mmoja wenye kinundu katikati.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage pale. Ila mizani yao ni tulivu na mstari wao hauna mtetemo, kwa hiyo nendeni, mradi mdai grafu yenyewe na si ripoti tu. Au msiende, kwa maana nilipowaonyesha hesabu walirekebisha ripoti, kisha wakanitoza dola nyingine kwa “usomaji wa pili”.