Bodi ya kupima mkondo iliyoandikwa "hadi volti 36": nilitafuta wezi wa umeme ambao hawakuwapo

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe mapema. Nilinunua hii bodi ndogo ya kupima mkondo upande wa chanya, ile yenye shanti katikati, yaani rezista ndogo ya omu 0.01 ambayo mkondo wote unapitia, amplifaya ya tofauti pembeni na kiskrubu cha kurekebisha sifuri. Kwenye maelezo ya muuzaji imeandikwa inafanya kazi hadi volti 36. Mimi nina betri mbili za volti 12 nilizozifunga mfululizo, yaani volti 24, na nikichaji zinafika 28.8. Thelathini na sita ni zaidi ya ninachohitaji. Nikalipa.

Kabla sijafika kwenye kilichoniudhi, niseme kwa nini niling'ang'ania upande wa chanya, maana kuna watakaoniuliza. Ningeweka shanti upande wa hasi, kazi ingekuwa rahisi mara kumi. Lakini hasi yangu imegusa chasi sehemu tatu, na mkondo unaopitia chasi usingeonekana kabisa. Isitoshe, ukiweka rezista kwenye hasi, kila kifaa kinachotegemea hasi hiyo kinaanza kuelea kidogo. Sikutaka hayo. Nilitaka shanti ikae kwenye waya mnene unaotoka kwenye chanya ya betri, ione kila kitu.

Siku ya kwanza niliijaribu mezani kwa betri moja, volti 12. Ilisoma vizuri ajabu. Taa ya ampea mbili, inasema 2.0. Nikazima, sifuri. Nilifurahi kwelikweli, hata nikaandika maoni mazuri na kuipa nyota tano. Maoni hayo nimeyafuta.

Nikaifunga kwenye mfumo wa volti 24. Nikazima kila kitu. Inasoma ampea 5.4.

Ampea tano na nusu zinakwenda wapi wakati hakuna kilichowashwa? Hiyo ni zaidi ya wati 120. Nilipapasa nyaya kutafuta iliyo moto. Nikachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Usiku wa pili nikachomoa waya mnene wa mzigo kabisa, shanti ikabaki imeshikwa upande mmoja tu, upande wa betri, ule mwingine ukining'inia hewani. Mkondo hauna pa kupita. Bodi bado inasema 5.4.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mwongo ni bodi.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamweleza kila hatua. Jibu likaja: "Fundi, umeunganisha vibaya. Zungusha skrubu hadi isome sifuri. Watu wengi wanaitumia bila malalamiko." Nikamwambia nimeshachomoa mzigo wote. Akajibu, "Basi kasome kwanza jinsi ya kutumia." Kasome! Haya, nikasoma. Nilichukua kalamu nikaichora saketi yake yote kutoka kwenye bodi, njia moja baada ya nyingine.

Amplifaya ya tofauti ni amplifaya moja na rezista nne. Kazi yake ni kutoa volteji ya mguu mmoja wa shanti kwenye volteji ya mguu wa pili na kubaki na tofauti. Kwenye shanti yangu, ampea moja inaleta milivolti 10 tu. Lakini milivolti hizo 10 zimekaa juu ya volti 24 ambazo miguu yote miwili inazo. Hiyo ndiyo volteji ya pamoja, na haihusiani na mkondo hata kidogo. Amplifaya inatakiwa iipuuze kabisa.

Tatizo la kwanza ni kwamba amplifaya ya bodi hii inalishwa volti 5. Miguu yake haiwezi kuvumilia volteji iliyo juu ya hizo 5, labda sehemu ndogo ya volti tu. Volteji inayoufikia mguu wake ni hii, Vcm ikiwa ile volteji ya pamoja, R1 rezista inayotoka kwenye shanti na R2 inayokwenda kwenye hasi:

```
Vmguu = Vcm × R2 / (R1 + R2)
```

Tuseme aliyebuni angetaka kukuza mara 20 moja kwa moja, R1 omu 5,000 na R2 omu 100,000. Kwa Vcm ya volti 24, mguu ungepata volti 22.9. Amplifaya isingevumilia. Kwa hiyo akageuza: R1 ni omu 100,000 na R2 ni omu 10,000. Sasa volti 36 zinakuwa 3.27 zinapofika kwenye mguu. Amplifaya iko salama, na lebo ya "volti 36" imepatikana.

Lakini tazama alichokipoteza. Rezista hizohizo zinazopunguza volteji ya pamoja zinapunguza na ishara yenyewe mara kumi. Ampea moja sasa ni milivolti 1 badala ya 10, na ndiyo maana kuna hatua ya pili ya kukuza mara 100. Na kuipuuza volteji ya pamoja kunategemea kitu kimoja tu: uwiano wa R2 kwa R1 uwe sawasawa kabisa pande zote mbili. Ukitofautiana kidogo, sehemu ya zile volti 24 inapenya na kujifanya mkondo.

Niling'oa rezista zote nne nikazipima moja moja. Tatu zilikuwa zimekaa pale pale zilipoandikwa. Ya nne, inayopaswa kuwa omu 10,000, ilisoma 10,050. Makosa ya nusu ya asilimia moja. Ni rezista za asilimia 1, kwa hiyo huwezi hata kusema ni mbovu! Sasa piga hesabu. Kwa tofauti hiyo, kila volti moja ya pamoja inatoa milivolti 0.45 kwenye tokeo la hatua ya kwanza. Hatua ambayo ampea moja ni milivolti 1. Yaani kila volti inayoongezeka kwenye betri inazaa ampea 0.45 za uongo.

Kiwandani walizungusha skrubu hadi sifuri kwenye volti 12. Nikipanda hadi 24, ni volti 12 za ziada: 12 × 0.45 = 5.4. Wale wezi wangu wa umeme hao.

Nilizirudisha rezista nikahakikisha kwa jaribio ambalo natamani kila mnunuzi alifanye kabla ya kuamini bodi ya namna hii. Unaiondoa shanti kwenye hesabu kabisa: unaunganisha miguu miwili ya kuingizia kwa kipande kifupi cha waya, kisha unaipa chanya ya pawa saplai kwenye kiungo hicho, na hasi ya saplai kwenye hasi ya bodi. Tofauti kati ya miguu ni sifuri, hakuna ubishi. Halafu unapandisha volteji polepole ukiandika usomaji. Yangu ilisema 0 kwenye volti 12, 2.7 kwenye 18, 5.4 kwenye 24 na 8.1 kwenye 30. Mstari ulionyooka kama rula. Ukinyooka hivyo, ujue ni rezista zisizolingana. Kama amplifaya ingekuwa imevuka mpaka wa miguu yake, ungeona usomaji umetulia, umetulia, halafu ghafla unapinda au unaruka ukifika volteji fulani. Hayo ni maradhi mawili tofauti, na hili la pili ndilo pekee ambalo lebo inalizungumzia.

Na ushauri wa "zungusha skrubu"? Niliufuata, nisije nikaambiwa mkaidi. Niliweka sifuri kwenye volti 24. Chaja ilipofikisha betri 28.8, bodi ikadai kuna ampea 2.2 hewani. Usiku betri ziliposhuka hadi 22, usomaji ukapungua kwa 0.9. Skrubu inarekebisha kosa lisilobadilika. Kosa hili linapanda na kushuka na betri, na betri ndicho kitu pekee ambacho hakitulii kwenye mfumo wangu.

Nilifikiria kuweka rezista bora za asilimia 0.1. Nikapiga hesabu ya hali mbaya zaidi, zote nne zikikosea kwa mwelekeo unaoumiza: bado ni ampea 0.36 kwa kila volti. Kwa shanti ndogo hivi na mgawanyo wa mara kumi, rezista za kununua moja moja hazitoshi. Niliitoa nikaweka chipu ya INA240, ambayo ina rezista zake ndani zilizolinganishwa kiwandani. Nayo inalishwa volti 5, lakini miguu yake inapokea kutoka volti -4 hadi 80. Jaribio lilelile, kutoka 12 hadi 30: usomaji haukutikisika. Nilirudia mara tatu nikidhani nimesahau kuwasha.

Nilipofika hapa hasira zilikuwa zimepoa. Nikajiambia nimtendee haki muuzaji: hakudanganya kwamba bodi haiungui kwenye volti 36, na mtu mwenye chanzo cha volti 12 kisichobadilika ataitumia miaka bila kujua lolote. Nikaipa nyota mbili, karibu tatu. Nilikuwa nimenunua mbili, nikaamua ya pili niiache kwenye betri moja.

Halafu jana nikaifanyia jaribio hilo, kwa kutimiza tu. Hii ya pili inateleza upande wa pili: ampea 0.3 kuelekea chini kwa kila volti. Na tokeo lake haliwezi kwenda chini ya sifuri. Maana yake, ukiipeleka kwenye volti 24, imeshajipunguzia ampea 3.6. Niliwasha taa ya ampea tatu mbele yake. Ilisoma sifuri. Taa inawaka, waya una joto mkononi, bodi inasema hakuna kitu.

Ile ya kwanza ilinipotezea usiku mbili kutafuta mkondo usiokuwapo. Hii ingeniachia ampea tatu za kweli zikimaliza betri bila kuziona. Nimezipunguza zile nyota. Ni moja.