Kupika data na kuchakachua data

Wanafunzi wawili wametumwa sokoni na madodoso 40 kila mmoja, wawaulize mama lishe faida yao ya siku.

Wa kwanza alihoji 28, mvua ikanyesha, akarudi hosteli na kujaza 12 yaliyobaki kitandani. Huko ni kupika: wahojiwa 12 hawapo duniani. Msimamizi hung'amua kwa majibu yanayofanana mno na faida zinazojirudia.

Wa pili alihoji wote 40. Watano walimwambia wanapata hasara, akageuza majibu yao yasomeke faida ili jedwali lipendeze. Huko ni kuchakachua, kama mafuta ya taa ndani ya dizeli: data ilikuwepo, ikaharibiwa. Kuwafuta kimyakimya ni kosa lilelile. Ukiwaondoa kwa sababu ya msingi na ukaieleza kwenye ripoti, huna kosa. Linganisha dodoso na jedwali, utaona palipochakachuliwa.

Kudesa ripoti ya kaka wa mwaka wa tatu bila kumtaja ni wizi wa kitaaluma, hata ukibadilisha maneno. Takwimu zake zaweza kuwa sahihi kabisa. Ila si zako.