Dagaa wa pakti au juisi ya miwa?

Mimi na dada tulikuwa na mawazo matano ya biashara, tukabaki na mawili: dagaa wa kukaanga wa pakti au juisi ya miwa hapa Kirumba. Alama 1 mpaka 5, na 5 iwe nzuri kila safu, yaani kazi kidogo, gharama ndogo, wateja wengi, ukigeuza safu moja tu jumla inakudanganya.

| | Kazi | Gharama | Wateja |
|---|---|---|---|
| Dagaa | 2 | 4 | 4 |
| Juisi | 4 | 2 | 4 |

Dagaa kuwatoa mchanga kunakula asubuhi nzima, juisi mashine ndo inaumiza. Sare, 10 kwa 10! Ila wateja tulikisia tu, so tukajaribu pakti 20, zikaisha siku mbili, ikawa 5. Juisi tukahesabu glasi za muuzaji mwingine, siku ya mvua karibu hamna mtu, ikashuka 3. Dagaa 11, juisi 9, kesho tunanunua mafuta.