Bima ya moto dukani: nimekatia milioni 30, moto umekula 12, nimelipwa 5.4

Nina duka la vitenge na mashuka, hapa Dar. Moto ulianza kwenye waya za jirani ukaingia stoo, kilichoungua pamoja na kilicholowa maji ya zimamoto ni mzigo wa milioni 12, na hilo adjasta wao mwenyewe, yule mkadiria hasara, alikubali, hatukubishana hata kidogo. Sasa mtu una bima ya milioni 30, hasara 12, si unajua umepona?

Nafika dawati la klemu nampa dada shikamoo za watu wote, hata kichwa hajainua, ananisukumia karatasi "saini hapa mzee, ni milioni tano na laki nne". Namuuliza hii hesabu imetoka wapi, ananijibu "soma mkataba wako". Basi. Anarudi kwenye simu yake.

Nikausoma palepale kwenye benchi. Kurasa za nyuma, herufi kama sisimizi, Kiingereza cha mahakamani, kuna sharti wanaita avareji. Maana yake ni kwamba mzigo wote uliokuwemo siku ya moto ukiwa na thamani kubwa kuliko kiasi ulichokatia bima, ile tofauti unaibeba wewe, hata kama kilichoungua ni kidogo. Adjasta alikuta duka zima lina mzigo wa milioni 60. Bima ni 30, yaani nusu, kwahiyo kila hasara wanalipa nusu. 12 inakuwa 6, halafu wanatoa ekses, ile sehemu ya klemu unayobeba mwenyewe, asilimia 10, laki sita hiyo imeenda, inabaki 5.4. Kumbe hata ningeunguza kashata moja wangenilipa nusu kashata!

Na hiyo 30 nani aliiandika? Wakala wao, alikuja dukani akaangalia mashelfu akasema "weka thelathini tu bosi, premiam isikuumize". Stoo ya nyuma hata hakuingia. Kimya kabisa kuhusu avareji.

Haya, niwe mkweli, hela waliingiza mapema kuliko nilivyotegemea, na adjasta alikuwa muungwana, ndiye aliyenieleza kwamba wenye biashara ya msimu kama sisi tunaopakia kabla ya Idi inabidi kiasi cha bima kifuate mzigo ule wa juu kabisa, au mzigo ukiongezeka uwaandikie waongeze kabla mambo hayajaharibika, na kwamba kuna mikataba avareji haiguswi mpaka upungufu uzidi asilimia 15. Hayo ndo nilitakiwa kuambiwa siku ya kulipa, sio siku ya majivu. Malalamiko nimeshaandika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, sio kuhusu avareji maana hiyo imo, ni kuhusu wakala.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule adjasta. Ila nikimkumbuka yule dada na "soma mkataba wako" yake, moja, na hiyo moja ni ya adjasta.